Rafu Tatu za Namugongo

Mpwa wangu alikuja nyumbani na karatasi nne zilizobanwa pini, na uso wa mtu aliyenyimwa mkopo. Anasoma shahada ya uzamili, na tasnifu yake ni juu ya hija ya Namugongo, nje kidogo ya Kampala, ambako kila Juni 3 Wakristo wa Uganda na wa nchi jirani hukusanyika kuwakumbuka Mashahidi wa Uganda. Sababu ya kuchagua mada hiyo kila mtu katika ukoo wetu anaijua. Bibi yake, yaani mama yangu, aliwahi kwenda huko kutoka Bukoba, sehemu kwa gari na sehemu kwa miguu, na tangu arudi hana hadithi nyingine.

Karatasi zile zilikuwa bibliografia yake. Zilikuwa na vitu 34, na juu ya ukurasa wa kwanza msimamizi wake alikuwa ameandika kwa wino mwekundu: "Umechanganya rafu."

"Mjomba, wewe umekaa maktaba miaka yote ile," akaniambia. "Rafu gani hizo?"

Nilijua msimamizi anasema nini, maana kosa hilo nimeliona mara nyingi kuliko ninavyoweza kuhesabu. Kijana anatafuta habari za hija, anakuta vitabu vya sala, taarifa za magazeti na makala za wataalamu, vyote vikitaja mahali pamoja na siku moja, naye anavipanga kwa alfabeti kana kwamba ni ndugu wa tumbo moja. Tulikaa na karatasi zile jioni tatu. Ninayoyaandika hapa ndiyo tuliyoyapitia, kwa kuwa mtu yeyote anayetaka kujua habari ya hija, awe mwanafunzi au la, atakutana na mchanganyiko huohuo.

Kwanza tuelewane kuhusu kazi yenyewe. Bibliografia ya kawaida ni orodha tu: mwandishi, mwaka, jina la kitabu, mchapishaji. Bibliografia yenye maelezo huongeza aya moja chini ya kila jina, kwa kawaida maneno 100 hadi 150. Aya hiyo husema mwandishi aliuliza nini, alitumia ushahidi gani, alifika wapi, na mipaka yake iko wapi. Si ikisiri. Ikisiri huandikwa na mwandishi mwenyewe akijieleza. Maelezo haya unayaandika wewe uliyesoma, ukimpima. Ndiyo maana huwezi kuyaandika vizuri kama hukujua kwanza kitu ulichoshika mkononi ni cha aina gani.

Wala huwezi kukijua bila kuijua habari yenyewe kidogo. Kati ya 1885 na 1887, Kabaka Mwanga wa Buganda aliamuru kuuawa kwa Wakristo, wengi wao vijana watumishi wa ikulu yake. Kundi kubwa kuliko yote, Karoli Lwanga akiwemo, liliteketezwa Namugongo tarehe 3 Juni 1886, siku ambayo mwaka ule iliangukia sikukuu ya Kupaa Bwana. Hesabu inayotajwa kwa kawaida ni mashahidi 45: Wakatoliki 22 na Waanglikana 23. Si wote waliofia Namugongo, wala si wote waliochomwa. Andrea Kaggwa, kwa mfano, aliuawa Munyonyo siku chache kabla, na Yohana Maria Muzeyi alikatwa kichwa Januari 1887. Wale Wakatoliki 22 walitangazwa wenye heri mwaka 1920, na Papa Paulo wa Sita akawatangaza watakatifu tarehe 18 Oktoba 1964.

Jambo hilo la "si wote waliochomwa" ni dogo, lakini lilitusaidia mapema. Katika vitu 34 vya mpwa wangu, kadhaa vilisema mashahidi 45 waliteketezwa Namugongo. Anayeandika hivyo hajafungua kitabu chochote cha historia. Amenakili kwa mwenzake, ambaye naye alinakili kwa mwenzake. Ukikuta kosa moja la aina hiyo katika ukurasa wa kwanza, usikitupe kitu hicho, lakini usikiache tena kikushike mkono na kukuongoza.

Rafu ya kwanza tuliyoitenga ni ya vitabu vya ibada. Vingine vilijitambulisha vyenyewe: vijitabu vya novena, maisha ya watakatifu kwa ajili ya vijana, mwongozo wa njia wenye sala za kila kituo. Mpwa wangu aliniuliza kama kuna alama ya haraka, nami nikamwonyesha ukurasa wa nyuma ya jina la kitabu. Vitabu vingi vya Kikatoliki, hasa vya zamani, huwa na ruhusa ya askofu mahali hapo. Ruhusa hiyo maana yake kitabu kimepitiwa, na hilo huwachanganya watu, kwa sababu hata makala ya kitaaluma hupitiwa kabla ya kuchapwa. Tofauti ni kinachopitiwa. Askofu ameuliza kama kuna lolote linalopingana na imani. Wataalamu wanaosoma makala ya jarida huuliza mwandishi amejuaje anayoyasema.

Hapo ndipo tulipofika kwenye kitabu kilichotuchukua jioni nzima. Padre J. F. Faupel, wa Shirika la Mill Hill, alichapisha mwaka 1962 kitabu kiitwacho African Holocaust. Siku hizi neno hilo la pili humtisha msomaji, lakini kwake lilikuwa na maana ya kale ya Biblia, sadaka ya kuteketezwa. Ni kitabu kinene, cha mtu aliyefanya kazi. Kina majina, koo, mahali, mpangilio wa siku. Wanahistoria wenyewe hukitaja. Mpwa wangu alikuwa amekiweka namba moja katika orodha yake, na chini yake ameandika: "Kitabu kizuri sana kinachoeleza kwa kina historia ya mashahidi."

"Hiki nacho ni cha ibada?" akaniuliza, na nilisikia katika sauti yake kwamba amechoka.

Nikamwambia tusiulize kama mwandishi ni padre. Hilo si kipimo, na huko mbele ningemwonyesha kwa nini. Tuulize mambo matatu. La kwanza: je, mwandishi alianza na swali ambalo jibu lake lingeweza kumgeuka? Faupel aliandika miaka miwili kabla ya kutangazwa watakatifu, akijua tayari kwamba watu wale walikufa kwa ajili ya imani. Angekuta ushahidi kwamba baadhi yao waliuawa kwa sababu nyingine, kitabu chake kisingekuwa na mahali pa kuuweka. La pili: je, anaonyesha amejuaje? Hapo anajitahidi, maana alitegemea kumbukumbu za wamisionari na ushahidi wa watu waliohojiwa kwa ajili ya mchakato wa Roma. Lakini mashahidi hao waliulizwa maswali ya Roma: alikufaje, aliungama imani, alisamehe? Hawakuulizwa juu ya ugomvi wa machifu au ardhi, kwa hiyo majibu ya mambo hayo hayamo. La tatu: je, anajibizana na wanaopinga? Anajibizana, ila na wale wanaobishana naye juu ya tarehe na mahali. Na wanaoiona habari yote kwa jicho jingine habishani nao.

Kwa hiyo Faupel yuko wapi? Yuko katikati, na kazi ya aya ya maelezo ni kumwambia msomaji hivyo badala ya kumsukumia rafu moja kwa nguvu. Aya tuliyoiandika upya ilikuwa hivi:

"Faupel, padre wa Mill Hill, anasimulia mateso ya 1885 hadi 1887 kwa kumfuata kila shahidi Mkatoliki. Anategemea kumbukumbu za wamisionari na ushahidi uliokusanywa kwa ajili ya kutangazwa kwao wenye heri. Kwa majina, mahali na mfuatano wa matukio, ni chanzo chenye utajiri. Lakini kiliandikwa kuelekea kutangazwa watakatifu, na sababu za kisiasa za mauaji zinaelezwa kama tabia mbaya ya Kabaka mmoja. Hakielezi chochote kuhusu hija, ambayo ilikua baadaye. Katika tasnifu hii kinatumika kwa namna mbili: kama rejea ya matukio pale ambapo vyanzo vingine vinakubaliana nacho, na kama mfano wa jinsi simulizi rasmi inayosomwa na mahujaji ilivyotengenezwa."

Sentensi ya mwisho ndiyo iliyomfungua macho. Alikuwa akidhani kuchagua vyanzo vya kitaaluma maana yake ni kuvifukuza vya ibada. Havifukuzwi. Vinahama kutoka upande wa wanaoeleza kwenda upande wa vinavyoelezwa. Kijitabu cha novena hakiwezi kukufundisha kwa nini watu huenda Namugongo, lakini ni ushahidi wa kwanza kabisa wa jinsi wanavyofundishwa kusema kwa nini wanakwenda. Katika bibliografia kinapewa sehemu yake, chini ya kichwa cha vyanzo vya msingi, na maelezo yake yanataja nani alikitoa, mwaka gani, kiliuzwa au kiligawiwa wapi.

Sasa weka kando ya Faupel makala ya J. A. Rowe iliyotoka mwaka 1964 katika Journal of African History, mwaka uleule wa kutangazwa watakatifu. Jina lake linaanza na The Purge of Christians at Mwanga's Court, na neno "purge", yaani kuwaondoa watu kwa mkupuo, lilichaguliwa badala ya "mauaji ya mashahidi". Tukio ni lilelile, wafu ni walewale. Lakini Rowe anaanza ikuluni: Kabaka kijana aliyerithi kiti mwaka 1884, watumishi wanaomtii mwalimu wa dini kuliko bwana wao, machifu wazee wanaotazama. Anauliza kwa nini baadhi ya Wakristo waliuawa na wengine waliokuwa karibu naye wakaachwa hai. Ni swali ambalo kitabu cha ibada hakiwezi kuliuliza kwa raha, kwa kuwa aliyeachwa hai si sehemu ya hadithi. Kwangu mimi, hiyo ndiyo alama bora ya maandishi ya kitaaluma kuliko tanbihi na maneno magumu: anamkumbuka na yule asiyefaa kwenye hadithi.

Kuna wengine pia wasiofaa. Miaka ya 1870, kabla ya Wakristo kuuawa, Kabaka Mutesa, babaye Mwanga, aliwaua Waislamu wa ikulu yake walioshika dini kuliko alivyopenda. Arye Oded anaeleza habari hiyo katika kitabu chake Islam in Uganda cha mwaka 1974. Katika vitu 34 vya mpwa wangu, hakuna hata kimoja kilichomtaja Oded. Hilo si kosa lake. Vitabu vya ibada hurejelea vitabu vya ibada, na ukifuata njia zao utazunguka ua uleule mpaka jioni.

Rafu ya pili, ya magazeti, ilikuwa nene kuliko zote. Vitu 15 kati ya 34 vilikuwa taarifa za habari, karibu zote za wiki ya kwanza ya Juni. Sina chuki na waandishi wa habari. Ukitaka kujua ni jimbo gani liliongoza ibada mwaka fulani, mgeni gani wa serikali alihutubia, au Papa Fransisko alifika lini (ilikuwa Novemba 2015), gazeti ndilo litakuambia, na mara nyingi hakuna mwingine atakayekuambia. Lakini mwandishi wa habari hufika Juni 2 na kuondoka Juni 4. Hija ya mama yangu ilianza miezi kadhaa kabla, kwenye jumuiya ndogo ndogo, walipoanza kuchanga pesa na kubishana nani aende. Sehemu hiyo kamera haijawahi kuiona.

Halafu kuna idadi. Taarifa nyingi zilisema "mamilioni ya mahujaji", na mpwa wangu alikuwa amezinakili kwenye sura yake ya kwanza. Nilimuuliza nani aliyehesabu. Akarudi kwenye taarifa moja baada ya nyingine. Baadhi zilitaja "waandaaji", nyingine "polisi", nyingi hazikumtaja mtu.

Kuna njia ya kupima madai ya namna hiyo, na inafaa kuijua kwa sababu karibu kila hija duniani ina tatizo hili. Miaka ya 1960 Herbert Jacobs, mwalimu wa uandishi wa habari katika Chuo Kikuu cha California, Berkeley, alikuwa akiwatazama wanafunzi wakikusanyika kwenye uwanja wenye miraba sakafuni. Akahesabu watu katika baadhi ya miraba, akazidisha. Katika umati uliolegea, mtu mmoja huchukua karibu mita moja ya mraba. Katika umati uliobanana, ambapo mtu bado anaweza kusogea, ni chini kidogo ya nusu mita ya mraba, tuseme 0.42. Sasa fanya hesabu. Watu milioni moja waliobanana wanahitaji mita za mraba 420,000, yaani hekta 42. Uwanja wa mpira wa kawaida, mita 105 kwa 68, ni mita za mraba 7,140. Kwa hiyo milioni moja wanajaza viwanja 58 na zaidi, wamesimama bega kwa bega, bila njia, bila hema, bila mama aliyetandika khanga na kukaa na mtoto. "Mamilioni", kwa wingi, ni angalau mara mbili ya hapo.

Mpwa wangu alifungua picha ya setilaiti kwenye simu, akapima eneo la kaburi na basilika na viwanja vinavyolizunguka, akakaa kimya. Sitaandika tarakimu aliyoipata, maana hakuzingatia wanaopita na kuondoka kutwa nzima, na hao ni wengi. Umati wa saa moja si umati wa siku. Lakini alielewa kwamba "mamilioni" si kipimo, ni sifa. Katika tasnifu yake sasa imeandikwa kwamba vyombo vya habari hutaja mamilioni, na aya nzima inajadili kwa nini Kanisa, polisi na magazeti kila mmoja ana sababu ya kuipenda tarakimu kubwa. Taarifa zilezile 15 zimegeuka kuwa ushahidi wa jambo ambalo wenyewe hawakukusudia kulithibitisha.

Rafu ya tatu ilikuwa na vitu vinne tu, na hapo ilibidi tuongeze badala ya kupunguza. Mtu anayeandika juu ya hija, iwe ya Namugongo, Maka au Lurdi, hawezi kukwepa mjadala mmoja uliodumu kwa miaka karibu hamsini, na bahati njema ulianzia Afrika. Victor Turner na mkewe Edith walifanya utafiti kati ya Wandembu wa Zambia ya leo katika miaka ya 1950, wakitazama jando na matambiko mengine. Waliona kwamba kijana akitengwa porini kabla ya kurudi mtu mzima, vyeo vya nyumbani humtoka, na waliotengwa pamoja hujiona sawa. Hali hiyo ya usawa wa muda Turner aliiita komunitasi. Mwaka 1978 wawili hao walichapisha Image and Pilgrimage in Christian Culture, wakisema kwamba hujaji naye ni kama mwali: anaacha nyumba na cheo, anatembea na watu asiowajua, na njiani tajiri na maskini wanakuwa kitu kimoja.

Hapa ndipo nilipomlipa mpwa wangu deni la awali kuhusu padre. Victor na Edith Turner walikuwa Wakatoliki, waliojiunga na Kanisa wakiwa watu wazima. Imani yao haikukifanya kitabu chao kuwa cha ibada. Walitoa dai ambalo mtu mwingine angeweza kwenda mahali pengine akalikuta si kweli, na watu wakaenda.

Waliolikuta si kweli walikusanyika mwaka 1991 katika kitabu Contesting the Sacred, kilichohaririwa na John Eade na Michael Sallnow. Eade aliandika juu ya Lurdi, Sallnow juu ya milima ya Andes huko Peru, na wenzao juu ya Yerusalemu, Sri Lanka na kwingineko. Walichokikuta ni ushindani: wagonjwa wanataka muujiza pale wasimamizi wanapotaka utaratibu, kijiji kinagombana na kijiji, madhehebu yanagawana ukuta. Mahali patakatifu, wakasema, ni kama chombo kitupu, na kila kundi humwaga humo maana yake. Mwaka 2002 Simon Coleman aliandika makala ya kuwataka watu waache kuchagua kati ya usawa na ugomvi kana kwamba hija lazima iwe kimoja.

Namugongo ni mahali pazuri mno pa kuujaribu mjadala huu, na nadhani hilo ndilo mpwa wangu alilihisi bila kuwa na maneno yake. Wakatoliki na Waanglikana walikufa pamoja katika moto mmoja. Leo kila upande una kaburi lake, na siku hiyohiyo kila upande una ibada yake. Turner angetazama barabara ya kutoka Masaka, watu wakigawana maji. Eade angetazama mahali njia inapogawanyika.

Mpwa wangu alikuwa na ushahidi mwingi wa upande wa Turner, na hapo nilimzuia. Barua na vitabu vya mahujaji wenyewe karibu vyote vinamuunga mkono Turner. Malcolm X alipohiji Maka mwaka 1964 aliandika kuhusu watu wa rangi zote kula pamoja na kusali pamoja, na ukisoma unaona komunitasi tupu. Lakini hujaji aliyerudi anatarajiwa kusema hivyo. Nani atarudi kijijini, aliyechangiwa nauli na majirani, aseme kwamba alisukumwa, akaibiwa viatu na hakuhisi lolote? Maandishi ya ibada yanatuonyesha jinsi hija inavyopaswa kusimuliwa. Mtafiti anapaswa kuuliza pia vilipokwenda viatu. Abdellah Hammoudi, mwanaanthropolojia Mmorocco, alihiji mwaka 1999 na kuandika kitabu kinachofuata misongamano, wakala, foleni za vibali na mashaka yake mwenyewe, pamoja na ibada. Kinaandikwa kwa "mimi" kama shajara, na mwanafunzi wa haraka atakitupa kwenye rafu ya ibada. Ukikisoma kwa maswali yale matatu kinapita yote.

Juu ya Namugongo hasa, makala iliyomfaa zaidi ni ya Ronald Kassimir katika African Affairs ya 1991, inayowatazama mashahidi kama alama: Kanisa Katoliki limeitumiaje kujijenga na kujitofautisha katika siasa za Uganda. Si makala ya watembea kwa miguu, na maelezo yake katika bibliografia yanasema hivyo wazi. Pengo hilo ndilo tasnifu yake inalolijaza, na msomaji wa bibliografia nzuri anapaswa kuliona pengo kabla hujamwonyesha.

Jambo moja lililotupotezea muda ni maneno ya kutafutia. Mpwa wangu alikuwa akiandika katika kisanduku cha utafutaji:

```
pilgrimage Namugongo
```

na kupata magazeti matupu. Watafiti wengi walioandika juu ya mahali patakatifu hawakutumia neno hilo. Mfano wa pwani yetu: Abdul Hamid el-Zein alichapisha mwaka 1974 The Sacred Meadows, utafiti juu ya Lamu, masharifu wake na Maulidi ya msikiti wa Riyadha uliojengwa na Habib Saleh. Watu husafiri kwenda Lamu kwa Maulidi hayo na kuzuru kaburi lake kutoka pwani nzima. Ni kitabu cha lazima kwa anayesoma ziara za Afrika Mashariki, lakini neno hija halimo katika jina lake, wala halipaswi kuwamo, kwa kuwa kwa Mwislamu hija ni Maka na hii ni ziara. Tulipobadilisha tukapata zaidi:

```
"Uganda martyrs" (shrine OR saints OR cult OR memory)
```

Neno "cult" katika lugha ya wataalamu ni heshima inayotolewa kwa mtakatifu, si dhehebu la siri. Mpwa wangu alikuwa amelikwepa kwa adabu.

Tulipata pia takataka. Kuna majarida yanayojiita ya kimataifa yanayochapisha chochote mradi mwandishi amelipa, na kwa mbali yanafanana kabisa na rafu ya tatu. Makala moja juu ya "utalii wa kidini" ilikuwa na muhtasari, majedwali na marejeo, lakini data yake ilikuwa hojaji waliyojaza watu 20 wa hoteli moja, na hitimisho lake lilikuwa kwamba serikali itengeneze barabara. Kwenye marejeo yake, vitabu vya hija havikuzidi viwili. Tukaitoa bila mazishi.

Mwishoni, vitu 34 vilikuwa vimebaki 12 vya kitaaluma, pamoja na tulivyoongeza, na kando yake sehemu ya vyanzo vya msingi yenye vijitabu, taarifa za magazeti na kitabu cha Robert Ashe, mmisionari Mwanglikana aliyekuwa Buganda siku zile na kuchapisha aliyoyaona mwaka 1889. Faupel yumo sehemu ya kwanza, na onyo lake.

Jioni ya tatu mama alitupigia simu kutoka Bukoba. Alitaka kujua kama mjukuu wake amemwandika. Mpwa wangu akamweleza kwamba yeye si kitabu, bibi, kwa hiyo hawezi kuwa kwenye bibliografia. Atakuwa kwenye sura ya nne, pamoja na waliohojiwa, bila kutajwa jina.

"Bila jina?" mama akasema. "Na viatu vyangu walivyoiba, navyo havina jina?"

Mpwa wangu akavuta daftari. Katika hadithi zote za miaka yote hiyo, mama hakuwahi kutuambia habari ya viatu.